Jasho la dakika 50, mizani ya bafuni na tembe za elfu tatu tatu

Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa nimeshazoea kabisa kukimbia na chupa yenye maji ya rangi ya machungwa. Kila Jumatano na Ijumaa alfajiri peke yangu, Jumamosi na joging klabu, na kila mara kabla ya kutoka nadondosha tembe moja kwenye nusu lita ya maji, inachemka chwaaa, nasubiri imalizike, nakunywa nusu, nusu natembea nayo. Kopo lenye tembe kumi nililipata famasi kwa elfu thelathini, yaani kila nikitoka kukimbia ni buku tatu imeyeyuka kwenye chupa, na mimi mazoezi yangu yenyewe ni dakika 45 hadi 50, sio mtu wa mbio ndefu, ni mtu wa ofisini anayepigana na kitambi.

Kilichonifanya nianze kujiuliza sio hela kusema kweli. Ni kocha wetu wa klabu, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye anatukimbiza wote kutoka Mwenge mpaka Koko Bichi na bado ana pumzi ya kutupigia kelele. Siku hiyo nimefika nimelowa, nikamwambia "shikamoo kocha," akaitikia marahaba huku anaiangalia chupa yangu, akauliza hicho ni nini. Nikamwambia elektrolaiti kocha, chumvi chumvi za kurudisha jasho. Akasema, "Mwanangu, wewe umetoka jasho kiasi gani?" Nikacheka. Akarudia, "Sicheki, nakuuliza, kiasi gani?" Na mi nikagundua sina jibu, nalipa elfu tatu kurudisha kitu ambacho sijawahi kukipima.

Basi nikaamua nipime. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo maana kupima jasho ni rahisi kuliko watu wanavyodhani ila kuna namna ya kukosea, na mimi nilikosea.

Kanuni yenyewe ni ya dukani tu: jipime uzito kabla, jipime baada, jua ulikunywa kiasi gani katikati. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo uzito uliopungua ukijumlisha na ulichokunywa ndio jasho lako, na kama ulijisaidia haja ndogo katikati unatoa hiyo. Kuna gramu chache zinaenda kwa pumzi na kwa mafuta na wanga uliochoma, lakini kwa mazoezi ya chini ya saa moja ni ndogo, usijisumbue nazo.

Mara ya kwanza nikapanda mizani nimevaa kaptula, tisheti na soksi, nikakimbia, nikarudi, nikapanda tena hivyohivyo. Imepungua gramu 300. Nikafurahi, nikasema kumbe sitoki jasho kabisa mi ni ngamia. Mke wangu ndiye aliyeniuliza swali la maana, "Hilo jasho lililo kwenye tisheti umelipima?" Aisee. Tisheti ya pamba ikilowa inabeba maji mengi tu, nikaiminya kwenye beseni nikaona mwenyewe. Yaani nilikuwa nimejipima pamoja na jasho langu nikidhani limeondoka. Kwa hiyo mara ya pili nikafanya inavyotakiwa: naenda haja kwanza, navua kila kitu, napanda mizani iliyo juu ya sakafu ngumu (sio juu ya zulia, kwenye zulia inadanganya), naandika. Nikirudi navua, najifuta kwa taulo mpaka nywele, napanda, naandika. Mizani yangu inasoma kila gramu mia kwa hiyo nilirudia siku nne tofauti nisije nikaamini siku moja.

Siku iliyokuwa ya kawaida zaidi ilikuwa hivi. Kabla kilo 78.4. Nimekimbia dakika 50, saa kumi na mbili asubuhi, Dar ya Februari mnaijua wenyewe, jua halijatoka lakini hewa imeshikana kama uko jikoni kwa mama lishe. Nimekunywa mililita 250. Baada, kilo 77.7. Kwa hiyo nimepungua gramu 700, jumlisha zile 250 nilizokunywa, jasho ni kama gramu 950, karibu lita moja kamili. Hiyo ni nyingi, sio kidogo, mimi ni mtu wa kutiririka. Lakini angalia upande wa pili, gramu 700 kwenye kilo 78 haifiki hata asilimia moja. Wataalamu wa michezo huwa wanaanza kuwa na wasiwasi mtu akipungua asilimia mbili ya uzito wake, ambapo kwangu ni kilo moja na nusu na ushee, na hapo nimekunywa glasi moja tu.

Sawa, maji tumeyajua. Chumvi je?

Jasho la watu linatofautiana sana, wengine lina sodiamu chini ya nusu gramu kwa lita, wengine linapita gramu moja na nusu, wale ambao tisheti nyeusi ikikauka inabaki na ramani nyeupe kama ya Zanzibar. Wengi wanaangukia karibu na gramu moja kwa lita. Mimi ramani ninayo ila sio kubwa, kwa hiyo tuchukue gramu moja. Nimepoteza kama miligramu 950 za sodiamu. Ukisikia hivyo unaona ni nyingi, na nyuma ya kopo la tembe wameandika kila tembe ina sodiamu miligramu 300, unaona kabisa kuna tatizo na kuna dawa yake imekaa palepale.

Ila swali linalotakiwa kuulizwa ni umepoteza kiasi gani ukilinganisha na ulichonacho. Damu na maji mengine yaliyo nje ya seli, kwa mtu wa saizi yangu ni kama lita 15, na kila lita ina sodiamu gramu tatu na kidogo. Kwa hiyo mwilini natembea na karibu gramu 48 kwenye hayo maji tu, achilia mbali iliyojificha kwenye mifupa. Nimetoa gramu moja pungufu kidogo. Ni kama una elfu hamsini mfukoni umenunua vocha ya buku.

Na hapa kuna jambo ambalo lilinigeuza kichwa kabisa, maana nilikuwa nalifikiria kinyume. Chukua sufuria ya supu lita 15, imeungwa chumvi vizuri. Chota lita moja, lakini sio ya supu ileile, chota lita moja yenye chumvi kiduchu, theluthi tu ya chumvi ya supu. Ile iliyobaki kwenye sufuria imekuwa na chumvi kali zaidi au imepooza? Imekuwa kali zaidi. Ndio jasho hilo. Jasho lina chumvi kidogo kuliko damu, tezi za jasho zinatoa maji yenye chumvi halafu njiani kabla hayajafika kwenye ngozi zinairudisha sehemu kubwa ya chumvi ndani, kwa hiyo unachokitoa ni maji mengi chumvi chache. Matokeo yake baada ya dakika 50 za kukimbia damu yako imezidi chumvi kidogo kuliko ulivyoondoka nyumbani. Mwilini inapunguzwa makali kwa sababu maji yanavutwa kutoka ndani ya seli kuja kusawazisha, ila mwelekeo ni uleule. Mwili unachokosa kwanza ni maji. Na ndio maana unasikia kiu! Kiu inaamshwa na damu kuzidi chumvi, ubongo unahisi mabadiliko madogo sana hata ya asilimia moja au mbili, unatoa homoni inaitwa vasopresini inaziambia figo zibane mkojo, ndio hapo ukienda chooni unakuta mkojo kidogo halafu wa njano kama chai ya tangawizi.

Kwa hiyo mtu anayekwambia dakika 40 za jimu zimekumalizia chumvi mwilini kwa hiyo usinywe maji matupu, anakuuzia dawa ya ugonjwa ambao huna. Una kiu, kunywa maji.

Nikaenda mbele zaidi. Tukimaliza joging Jumamosi klabu yetu, na nadhani klabu zote za mji huu, inaishia kwenye supu. Kuna jamaa ana banda lake, supu ya ng'ombe, chapati mbili, ndimu, pilipili na kikopo cha chumvi mezani. Siku moja nilibeba mizani ndogo ya jikoni ile ambayo wife anapimia unga wa keki (watu walinitazama kama nimekuja kupima dhahabu), nikanyunyiza chumvi kwenye kikaratasi kama ninavyonyunyiza kwenye bakuli siku zote, nikapima. Gramu mbili. Kwenye chumvi ya mezani sodiamu ni kama asilimia 39, kwa hiyo gramu mbili ni miligramu 780 na kitu. Hiyo ni ile niliyoongeza juu tu, kabla sijahesabu aliyotia mpishi na iliyo kwenye chapati. Tembe mbili na nusu nimezinyunyiza bure kwa sekunde tatu! Na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku nzima, ambayo ni kijiko cha chai kisichofurika, sasa mimi asubuhi tu nina tembe, nina supu, nina chapati. Tatizo langu la chumvi halikuwa upungufu.

Sasa hizi elektrolaiti zimetoka wapi mpaka zikaingia kwenye chupa ya mtu wa dakika 50? Historia yake ni nzuri na inajieleza. Mwaka 1965 pale Chuo Kikuu cha Florida, timu yao ya soka la Kimarekani ilikuwa inaangushwa na joto, na kocha msaidizi mmoja akamuuliza daktari wa figo anaitwa Robert Cade kwa nini wachezaji hawaendi haja ndogo wakati wa mechi. Cade na wenzake wakaona vijana wanatoka jasho mpaka wanapoteza kilo kadhaa kwenye mechi moja, wakachanganya maji, chumvi na sukari, ladha ikawa mbaya mpaka watu wanataka kutapika, mke wa Cade ndiye akashauri watie limao. Timu ilikuwa inaitwa Gators, kinywaji kikaitwa Gatorade. Sasa tazama waliotengenezewa: vijana wakubwa wenye miili, wamevaa helmeti na mabegani mavazi ya kujikinga, joto la Florida, mechi yenye kusimama-simama inayochukua kama saa tatu. Kwa hao ni sawa kabisa. Kilichotokea baadaye ni kwamba chupa imetoka kwa yule wa saa tatu ikaja kwa mimi wa dakika 50 bila mtu kubadilisha hesabu.

Na hii sio siri iliyofichuka juzi. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilitoa msimamo wake kuhusu kunywa wakati wa mazoezi, na humo wakasema wazi kwamba kwa mazoezi ya chini ya saa moja ushahidi ni mdogo sana kuonyesha kwamba kinywaji chenye sukari na chumvi kinafanya mwili au utendaji uwe tofauti na maji ya kawaida. 1996! Mimi nilikuwa bado nabeba kidumu na ufagio kwenda shule.

Sasa najua kuna mtu anasema lakini bro mimi nikinywa nasikia tofauti. Nakuamini, hata mimi nilikuwa nasikia. Nikamuomba mke wangu aniwekee chupa asubuhi mbili mbili kwa wiki tatu, zote kamua ndimu na baridi kutoka kwenye friji, moja ina chumvi kidogo sawa na ya tembe, nyingine haina, asiniambie, aandike kwenye karatasi yake. Nikimaliza nakisia. Katika sita nilipatia tatu, yaani ningerusha shilingi ningepata hivyohivyo. Muda wangu wa kukimbia haukufuata chupa hata kidogo, ulifuata kama nilichelewa kulala na kama jua lilishatoka. Najua majaribio ya mtu mmoja sio sayansi, ila ilinitosha mimi mwenye pochi. Kilichokuwa kinanifurahisha kwenye ile chupa ni ubaridi na ladha, na ladha ina kazi yake ya kweli, kitu kitamu unakunywa zaidi bila kujilazimisha, ila hiyo unaipata kwa ndimu ya shilingi mia.

Kuna kitu kimoja lakini lazima nikiseme maana kinaharibu hadithi yangu kidogo. Mazoezi yakiwa makali kweli na yanakaribia saa nzima, yale ya kutoa kila ulichonacho, kinywaji chenye wanga kimeonekana kusaidia kidogo. Na hiyo ilikuwa fumbo, kwa sababu kwa muda huo wanga ulionao kwenye misuli na ini unatosha, haujaisha. Mwaka 2004 watafiti Carter, Jeukendrup na Jones wakawapa waendesha baiskeli maji yenye maltodekstrini, ambayo ni wanga usio na utamu sana, wasukutue mdomoni tu halafu WATEME. Hawakumeza kitu. Na bado kwenye shughuli ya karibu saa nzima wakawa na kasi zaidi kwa kama asilimia tatu. Na walipojaribu kupitisha glukosi moja kwa moja kwenye mshipa, haikusaidia. Maana yake ni mdomo unaipigia simu ubongo kwamba chakula kinakuja, ubongo unalegeza breki. Sasa zingatia mambo mawili, kilichofanya kazi ni wanga sio chumvi, na wale walikuwa wanashindana na saa. Tembe yangu haina hata sukari. Na joging yangu ya kupiga stori na jirani haina breki ya kulegeza.

Kidogo kuhusu zile kopo za "enaji" maana naona watu wanazichanganya. Vijana wa klabu wakimaliza wanakimbilia dukani wanachukua enaji wanasema wanarudisha chumvi. Ile ni kafeini na sukari. Kopo la kawaida la mililita 250 lina kafeini kama ya kikombe cha kahawa na sukari inayofika au kupita asilimia kumi, na maji yenye sukari nyingi hivyo yanakaa tumboni muda mrefu kuliko maji matupu kabla ya kushuka kwenye utumbo, ndio maana ukiinywa katikati ya kukimbia unasikia tumbo linacheza kama dumu lililojaa nusu. Vinywaji vya michezo vyenyewe viko kwenye sukari asilimia sita hivi kwa sababu hiyo.

Na madafu? Nayapenda, nitayanywa mpaka nife, ila yamejaa potasiamu wakati jasho linatoa zaidi sodiamu, kwa hiyo kama unayanywa kurudisha jasho unarudisha noti ambayo hukutoa. Kunywa kwa sababu ni matamu, inatosha.

ORS sasa. Hii ndiyo iliyonifanya nikae chini na wenzangu kwenye klabu, maana kuna dada mmoja alikuwa anachanganya pakiti nzima ya ORS kwenye chupa ya nusu lita kila Jumamosi, anasema famasi ni bei rahisi kuliko tembe zangu, na kwa bei yuko sahihi. ORS ya fomula ya Shirika la Afya Duniani pakiti moja ni ya lita MOJA, na kwenye lita hiyo kuna sodiamu kama gramu 1.7, glukosi gramu 13.5, potasiamu na sitreti. Imetengenezwa kwa mtu anayeharisha, ambaye chumvi inamtoka kwa kasi chooni, na ile glukosi haipo kwa ajili ya nguvu, ipo kwa sababu kwenye utumbo mdogo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi zinaingia pamoja na maji yanafuata nyuma. Ni kitu cha ajabu na kimeokoa watoto wengi. Lakini yeye ameweka pakiti ya lita kwenye nusu lita, ni kali mara mbili, chumvi imezidi hata ya damu yenyewe ukijumlisha na glukosi, maji badala ya kuingia haraka yanaweza kuvutwa kwanza kwenda tumboni. Alikuwa analalamika tumbo kila Jumamosi anadhani ni chapati. Halafu dada mwenyewe ana presha anatumia vidonge. Nikamwambia dada'angu hiyo muulize daktari wako kabla ya Jumamosi ijayo, aliuliza, akaacha, tumbo likatulia.

Upande wa pili nao upo, usije ukatoka hapa unakunywa lita tatu. Kuna hali damu inapungukiwa sodiamu, haiponatremia, na watu wanaitumia kuuzia elektrolaiti. Mwaka 2002 watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 waliomaliza maratoni ya Boston, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao iko chini ya kiwango. Wengi wangesema haya ndio hayo, walikunywa maji matupu. Hapana. Kilichowatenganisha na wenzao ni kwamba walikunywa sana mpaka wakamaliza mbio wakiwa WAMEONGEZEKA uzito, na walikaa barabarani zaidi ya saa nne. Kama walikunywa maji au kinywaji cha michezo haikuleta tofauti, na ukifikiria inaeleweka, kinywaji cha michezo kina sodiamu kama nusu gramu kwa lita na damu ina zaidi ya tatu, kwa hiyo ukikimwaga kingi unazimua tu vilevile. Kwa dakika 50 ili ufike huko inabidi ujilazimishe kweli. Dalili yake rahisi ni mizani: ukipanda baada ya mazoezi ukakuta umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi, basi.

Kwa hiyo chumvi kwa mazoezi mafupi haina maana kabisa? Ina maana sehemu moja, na hii nimeijua kwenye Ramadhani.

Mfungo nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu jioni, nakimbia dakika 40 taratibu, narudi dakika chache kabla ya adhana. Sasa hapa dakika 40 ni zilezile lakini nimeanza nikiwa sijanywa kitu tangu daku, yaani muda wa saa kumi na mbili na ushee bila tone. Siku ya pili ya kufanya hivyo nikafungua kwa tende moja halafu nikashusha lita nzima na nusu ya maji bila kupumua, nikaenda kuswali, nikarudi nikaenda chooni, nikaenda tena, na mkojo mweupe kama maji ya bomba, halafu saa tatu usiku bado nina kiu na kichwa kinagonga. Kilichotokea ni kwamba ukimwaga maji mengi matupu kwa mpigo, damu inazimuka haraka kabla mwili haujajaa, ubongo unaona chumvi imeshuka unazima vasopresini, figo zinafungua bomba. Umeyakojoa maji uliyoyahitaji. Chumvi inasaidia kuyashika.

Lakini hata hapo sikurudi kwenye tembe. Nilipunguza mwendo tu: tende tatu na glasi mbili, swala, halafu futari yenyewe, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, samaki, ambayo yote ina chumvi, na glasi moja moja mpaka usiku. Kichwa kikaacha. Kinachotakiwa kujua ni kwamba ili urudi ulipokuwa unahitaji kunywa zaidi ya ulichopoteza, kama lita moja na robo hadi na nusu kwa kila kilo iliyopungua, kwa sababu sehemu lazima itoke kama mkojo, na chakula kikiwepo unaitunza vizuri.

Tembe au pakiti ina nafasi yake kama huna muda wa kula. Mdogo wangu anacheza mpira daraja la mtaani, wakati wa bonanza wanapiga mechi mbili tatu kwa siku, kila moja dakika 40 au pungufu, juani, kati ya mechi kuna saa moja na nusu na hakuna anayeweza kula wali hapo. Kila mechi ukiitazama peke yake ni fupi, ila jasho halijui kwamba refa amepuliza filimbi, linajumlishwa. Tulimpima siku moja kwa mizani yangu nyuma ya gari, amejifunga taulo: baada ya mechi mbili alikuwa amepungua kilo 1.9 kwenye kilo 66, karibu asilimia tatu, na alikuwa anaamini amekunywa sana. Huyo nilimpa kopo langu lililobaki. Zilikuwepo tembe nne, mechi ya mwisho alikunywa mbili na lita ya maji na ndizi, nyingine mbili akampa golikipa wao ambaye kwa mujibu wake alikuwa amesimama tu siku nzima.

Mimi Jumatano naondoka na glasi moja ya maji nimekunywa nyumbani nikiamka, chupa ya nusu lita mkononi ambayo mara nyingi inarudi na robo, na ndimu siku nikikumbuka. Kocha bado ananiuliza kila nikifika, "Leo kiasi gani?" na siku hizi namtajia mpaka gramu.